Barua ya Bango la Mavuno

"Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kamati inakuomba uitengenezee bango la Sikukuu ya Mavuno, liwe zuri na la kuvutia, na lipatikane mapema. Mungu akubariki."

Barua za namna hii zinaandikwa kila mwaka sharika nyingi nchini, na anayezipokea mara nyingi ni kijana wa kwaya au wa umoja wa vijana anayejua kutumia kompyuta. Ana kazi yake mchana na ameahidi kulisaidia kanisa usiku, bila malipo. Barua ina heshima zote, ina muhuri wa usharika na sahihi ya katibu, ila haina hata neno moja analoweza kulifanyia kazi. Bango liwe na upana gani? Liandikwe nini? Mapema ni lini? Neno "zuri" halimsaidii kitu, maana hakuna dizaina anayekusudia kutengeneza bango baya.

Tatizo kwa kawaida halianzii kwenye uandishi. Linaanzia kwenye kikao. Kamati imekubaliana kwamba bango linahitajika, ikafunga kwa sala kabla ya kukubaliana litakaa wapi, litasomwa na nani na litasema nini. Maamuzi yale ambayo wajumbe kumi hawakuyafanya yanamwangukia mtu mmoja asiyekuwepo kikaoni. Akiyafanya peke yake, wajumbe watayaona kwa mara ya kwanza kwenye simu zao, na mjadala uliopaswa kufanyika mezani unaanza upya kwenye kundi la WhatsApp, safari hii kazi yake ikiwa katikati. Kwa hiyo barua nzuri ya bango ni muhtasari wa mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Tuchukue usharika mmoja wa mfano, ulio kando ya barabara ya daladala, wenye Sikukuu ya Mavuno Jumapili tarehe 12 Julai 2026, tuone barua yake inavyojengwa.

Swali la kwanza ni kazi ya bango. Bango la mavuno linaweza kuning'inia getini wiki mbili kabla ya sikukuu, liwaambie waumini na wapita njia kwamba siku inakuja na waanze kuandaa magunia, kuku na mikungu ya ndizi. Linaweza pia kukaa ukutani nyuma ya madhabahu siku yenyewe, likatokea kwenye picha zote za ibada. Hayo ni mabango mawili tofauti. La getini linasomwa na mtu aliye kwenye bodaboda kwa sekunde chache. La ndani linatazamwa saa tatu na watu waliokaa. La getini linahitaji siku na saa. La ndani halihitaji saa, kwa sababu kila anayelitazama amekwisha kufika. Kamati ikitaka bango moja lifanye kazi zote mbili, itapata bango lenye maneno mengi mno kwa barabara na matangazo mengi mno kwa madhabahu. Usharika wetu wa mfano umechagua la getini, na kuanzia hapo mambo mengine yote yanakuwa rahisi.

Ukubwa hauchaguliwi kwa kukisia. Mtu anakwenda getini na futi ya kupimia, anapima nafasi kati ya nguzo na nguzo. Tuseme amepata mita 4.4. Bango haliwezi kuwa na upana huohuo, kwa sababu kamba zinahitaji nafasi ya kulivuta pande zote mbili, ama sivyo litalegea na kujikunja katikati. Mita 4 zinatosha. Kimo kinategemea kinachozuiwa: geti lazima lifunguke, na gari la mchungaji lipite chini yake. Kamati ikaamua mita 1. Kipimo hicho kina faida nyingine. Mabango mengi siku hizi huchapwa kwenye fleksi, ile plastiki nzito inayokuja kwa mabunda yenye upana maalumu, na bango linalolingana na upana wa bunda halimwachii mchapaji vipande vya kutupa. Kwa kuwa bei huhesabiwa kwa mita ya mraba, bango la mita 4 kwa 1 ni mita 4 za mraba, na mhazini anaweza kupiga simu na kujua gharama kabla barua haijaandikwa. Inafaa pia kumuuliza mchapaji bunda lake lina upana gani, maana hawalingani.

Katika barua, andikeni upana kwanza kisha kimo, na myataje kwa majina: "upana mita 4, kimo mita 1". Kuandika "4 kwa 1" peke yake kumewahi kuzaa bango la kusimama wima mahali palipohitaji la kulala.

Sasa maneno, na hapa ndipo kamati zinapopata tabu kubwa. Rasimu ya kwanza ya maneno mara nyingi hufanana na barua yenyewe: jina la kanisa kwa kirefu, dayosisi, jimbo, usharika, "tunapenda kuwakaribisha waumini wote na wasio waumini katika Sikukuu kubwa ya Mavuno", tarehe, saa, jina la mgeni rasmi na vyeo vyake, kwaya tano zitakazoimba, aya ya Biblia, na namba tatu za simu. Kila mjumbe ameongeza kitu kimoja, na kila kitu kina sababu yake. Ila fleksi ni ya mita 4, na haitanuki kwa sababu ya nia njema.

Kuna hesabu ambayo mjumbe yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Wachora mabango huchukulia kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi. Ukizidisha, herufi ya sentimita 25 inasomeka vizuri kwa mita 30, ya sentimita 15 kwa mita 18, ya sentimita 10 kwa mita 12. Jicho zuri litasoma kwa mbali zaidi, lakini bibi aliye upande wa pili wa barabara ndiye anayetafutwa, na huyo msimlazimishe kukaza macho. Upana wa herufi kubwa nene ni kama theluthi mbili ya kimo chake, na nafasi kati ya maneno ihesabiwe kama herufi.

Tujaribu. "SIKUKUU YA MAVUNO" ina alama 17 pamoja na nafasi. Kwa kimo cha sentimita 25, kila herufi inakula kama sentimita 16.7, na mstari mzima unafika sentimita 283. Bango ni sentimita 400, na tukiacha 15 kila upande kwa ajili ya pindo na pumzi, tunabaki na 370. Mstari umeingia bila shida. Mstari wa pili ni "JUMAPILI 12 JULAI 2026, SAA 3:00 ASUBUHI". Una alama 40. Kwa sentimita 15, kila herufi inakula sentimita 10, mstari unakuwa sentimita 400. Haukuingia. Kamati ina njia mbili: kupunguza herufi au kupunguza maneno. Mwaka ukiondolewa zinabaki alama 35, yaani sentimita 350, na mstari unaingia. Kwa bango la getini linaloning'inia wiki mbili kabla, hakuna atakayedhani ni Julai ya mwaka mwingine. Neno "asubuhi" lisiondolewe, kwani mjini wapo wanaohesabu saa kwa namna ya simu zao, na saa 3:00 isiyo na neno pembeni inaweza kumfikisha mtu kanisani alasiri.

Jina la kanisa nalo lipimwe hivyohivyo. "Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania" lina alama 40, "KKKT" lina 4, na hakuna mpita njia asiyelijua hilo la pili. Kwenye barua rasmi jina kamili lina mahali pake. Getini, KKKT na jina la usharika vinatosha.

Aya ya Biblia ni suala gumu zaidi, na ninaelewa kwa nini wazee huisimamia. Lakini aya nzima kwa herufi zinazosomeka barabarani ingehitaji bango la peke yake. Kuandika namba ya sura na aya tu hakumwambii chochote mtu asiyeijua. Maoni yangu ni kwamba aya ikae kwenye bango la ndani, ambako watu wana muda wa kuisoma na kuitafakari. Ikibidi iwekwe, barua iinakili yote, neno kwa neno, na itaje tafsiri. Union Version ya mwaka 1952 na Habari Njema hazisemi kwa maneno yaleyale, na dizaina akiachiwa kuitafuta mwenyewe ataandika ile iliyo kwenye simu yake, kisha Jumapili mzee mmoja atauliza kwa nini aya imebadilishwa.

Mgeni rasmi aandikwe ikiwa tu amekwisha kukubali. Barua ya mwaliko ikiwa bado haijajibiwa, jina lisiende kwenye fleksi, kwa sababu mchapaji hafuti. Na jina likiwekwa, barua ilete vyeo kwa mpangilio sahihi na tahajia yake, imekaguliwa na ofisi yake. Kamati ya mfano wetu haikuweka jina la mtu yeyote. Ikabaki na mistari minne.

Rangi sitazisemea sana. Kalenda ya kanisa tayari imefanya sehemu kubwa ya kazi: Julai ni majira ya kijani katika kalenda ya Walutheri, Wakatoliki na Waanglikana, na kijani ni rangi ya shamba pia. Kijani kilichokolea juu ya nyeupe, au nyeupe juu ya kijani kilichokolea, kinasomeka juani. Njano juu ya nyeupe haisomeki hata kivulini. Wajumbe wajue kwamba rangi kwenye kioo cha simu zinang'aa kwa mwanga wake, na kwenye fleksi zitafifia kidogo. Hilo si kosa la dizaina wala la mchapaji.

Nembo inahitaji sentensi nzima katika barua. Wengi humtumia dizaina nembo iliyopigwa picha kutoka kwenye muhuri au kwenye kichwa cha barua. Ikikuzwa hadi kimo cha sentimita 30, kingo zake zinakuwa ngazi ngazi na maandishi yake yanageuka ukungu. Pia picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa njiani. Faili halisi la nembo liombwe ofisi ya dayosisi, likiwezekana la PDF, na litumwe kama hati. Namna ya kulitambua ni rahisi: lifungue, likuze mara kumi, utazame kingo. Zikibaki kali, linafaa.

Tunabaki na tarehe, na hapa kamati inapaswa kuhesabu kurudi nyuma. Sikukuu ni Jumapili 12 Julai. Bango linatakiwa kuning'inia wiki mbili kabla, likiwa limeonwa na waumini wa Jumapili ya 28 Juni, kwa hiyo litundikwe Ijumaa 26. Kuchapa, kupinda kingo na kupiga pete kupewe siku mbili, umeme ukikatika au mashine ikiwa na foleni: faili liende Jumatano 24, bango lichukuliwe Alhamisi 25. Faili la mwisho basi liwe tayari Jumanne jioni, tarehe 23. Kamati inakutana baada ya ibada, na Jumapili iliyo kabla ya hapo ni tarehe 21, hivyo rasimu iwe imefika Alhamisi 18, katibu aichape na kuwagawia wajumbe. Dizaina wa kujitolea anayefanya kazi usiku apewe siku kumi za kuanzia. Hesabu inafika 8 Juni. Barua itoke kabla ya hapo. Neno "mapema" limegeuka kuwa tarehe kadhaa, na kila moja ina mtu anayewajibika.

Kuna jambo jingine ambalo barua nyingi haziligusi: nani anasema neno la mwisho. Dizaina akipokea sauti ya mjumbe mmoja saa nne usiku akitaka maandishi yawe mekundu, na ya mwingine asubuhi akitaka picha ya mahindi, hana namna ya kumkatalia yeyote, kwa sababu wote ni wazee wake na pengine mmoja ni mama yake mdogo. Barua imtaje mtu mmoja wa kuwasiliana naye, na wajumbe wengine wapitishe maoni kwake.

Barua ya usharika wa mfano, mambo hayo yakiwa yameamuliwa, ingesomeka hivi:

6 Juni 2026

Ndugu yetu katika Kristo,

Bwana Yesu asifiwe.

YAH: BANGO LA GETINI LA SIKUKUU YA MAVUNO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kamati ya Mavuno inakushukuru kwa kukubali kujitolea kusanifu bango la sikukuu itakayofanyika Jumapili 12 Julai 2026.

Bango litatundikwa kwenye geti kubwa, upande wa barabara, ili lisomwe na waumini na wapita njia. Upana wake uwe mita 4 na kimo mita 1. Litachapwa kwenye fleksi, upande mmoja, lenye pindo pande zote na pete kila nusu mita. Tunaomba maandishi yasikaribie kingo kwa chini ya sentimita 15 kushoto na kulia, na sentimita 8 juu na chini.

Maneno yameidhinishwa na mchungaji na tunaomba yaandikwe kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza:

KKKT USHARIKA WA (jina kamili limeambatishwa)
SIKUKUU YA MAVUNO
JUMAPILI 12 JULAI, SAA 3:00 ASUBUHI
NJOO NA MAZAO YAKO. MNADA BAADA YA IBADA

Mstari wa pili uwe mkubwa kuliko yote, kimo kisipungue sentimita 25. Wa tatu sentimita 15. Wa kwanza na wa nne sentimita 10. Tunapendelea kijani kilichokolea na nyeupe. Picha hazihitajiki. Faili la nembo ya dayosisi tumekutumia kama hati. Mpangilio wa mengine tunakuachia wewe.

Tunaomba rasimu Alhamisi 18 Juni. Kamati itaipitia Jumapili 21 baada ya ibada, na katibu atakutumia marekebisho yote kwa maandishi jioni hiyohiyo, mara moja. Faili la mwisho tulipate Jumanne 23 Juni saa 12:00 jioni. Tafadhali usipokee marekebisho kutoka kwa mtu mwingine yeyote. Akikupigia, mwelekeze kwa katibu.

Gharama ya kuchapa atalipa mhazini moja kwa moja kwa mchapaji, nawe usitoe fedha yako. Kamati itakurudishia gharama ya bando. Kazi ikikamilika tunaomba pia faili linaloweza kuhaririwa, kwa ajili ya matumizi ya mwakani.

Kama tarehe hizi hazikuwezekani, tujulishe kabla ya Jumatano 10 Juni ili tutafute msaada mwingine. Tutaelewa.

Wako katika utumishi,
Katibu, Kamati ya Mavuno

Angalieni sentensi ile ya mwisho kabla ya sahihi. Anayejitolea kanisani hupata shida kusema "siwezi", hasa akiombwa na wazee kwa barua yenye muhuri. Barua ikimfungulia mlango wa kukataa kwa heshima, kamati inajua mapema, badala ya kujua Jumanne usiku kwamba kijana alikuwa na mitihani. Angalieni pia kwamba barua haimfundishi kazi yake. Imemwambia vipimo, maneno na siku, ikamwachia mpangilio, na huko ndiko kipaji chake kilipo.

Rasimu ikifika, msiitazame kwenye simu tu. Katibu aichape kwenye karatasi ya kawaida ya A4, ambako bango la mita 4 litakuwa na upana wa sentimita 28 hivi, na aibandike ukutani. Mjumbe akisimama mita moja na nusu kutoka ukutani, anaona takribani kile atakachoona mtu aliye mita 20 kutoka getini. Mstari asioweza kuusoma hapo, barabarani hautasomeka. Halafu mtu asiye mjumbe asome maneno kwa sauti, herufi kwa herufi pale penye jina na tarehe, na mwingine afungue kalenda ahakikishe kwamba tarehe 12 kweli ni Jumapili. Makosa ya siku na tarehe kutolingana ndiyo yanayopita kwa urahisi kuliko yote, kwa kuwa kila mtu anasoma anachokijua tayari.

Kama fedha ni chache, kamati inaweza kuomba jambo moja zaidi katika barua hiyohiyo: mstari wa tarehe uachwe nje ya bango kuu na uchapwe kwenye ukanda wa peke yake wa mita 4 kwa sentimita 25, wenye pete zake, ufungwe chini ya bango. Mwakani bango lenye "Sikukuu ya Mavuno" linatoka stoo, na usharika unachapisha mita moja tu ya mraba badala ya nne. Ila bango hilo lizungushwe kwenye bomba au mti, wino ukiwa nje. Fleksi iliyokunjwa kama shuka na kuwekewa viti juu yake hupasuka rangi kwenye mikunjo, na mistari hiyo haifutiki tena. Kwa hiyo barua, au muhtasari wa kikao, utaje na mtu wa kulishusha Jumatatu tarehe 13.